Taarifa yako ya NSSF inasema nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafanyakazi wa Tanga

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuandaa mishahara, na watu wakishajua hivyo hawaishi kukuletea makaratasi. Wengi wanaoniletea taarifa zao za michango hapa Tanga ni wa viwandani Pongwe, wa bandarini, wa mashamba ya mkonge upande wa Muheza na Korogwe, na walimu wa shule binafsi. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo nimeyaandika hapa na majibu yake. Sehemu kubwa inahusu NSSF, kwa sababu ndiyo inayobeba wafanyakazi wa sekta binafsi. Walio PSSSF wana sehemu yao fupi, na walio na akaunti ya akiba inayopata faida wana yao pia.

Nimechapisha taarifa yangu. Nianze kuangalia wapi?

Usianze na jumla iliyo chini kabisa, ingawa jicho ndiko linakokwenda. Anza juu: jina lako, namba yako ya uanachama, jina la mwajiri. Halafu shuka kwenye safu ya miezi. Kila mstari ni mwezi mmoja wa mshahara, na mbele yake pana kiasi kilicholipwa. Mara nyingi utakuta pia tarehe ambayo mfuko ulipokea pesa. Mwezi wa mchango na tarehe ya kupokelewa ni vitu viwili tofauti, na watu huvichanganya sana. Mchango wa Machi uliopokelewa Aprili uko sawa kabisa, maana mwajiri ana siku 30 baada ya mwezi kwisha kuwasilisha. Mchango wa Machi uliopokelewa Novemba ulicheleweshwa. Adhabu ya ucheleweshaji ni ya mwajiri, na haruhusiwi kukukata wewe ili ailipe.

Kwa hiyo ukichapisha taarifa tarehe 5 Aprili na Machi haipo, ngoja kwanza. Ukiichapisha mwishoni mwa Mei na Machi bado haipo, uliza.

Natafuta mstari wa faida siuoni. Pesa yangu imekaa miaka 15 bila kuzaa?

Hili ndilo swali linaloleta manung'uniko kuliko yote, na jibu lake linabadilisha namna ya kuisoma karatasi nzima.

Kuna aina mbili za mifuko. Kwenye ya kwanza kila mwanachama ana chungu chake: unaweka, faida inaongezwa, gharama zinatolewa, na kilichobaki ndicho chako. Ndivyo ulivyokuwa ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi, NPF, ambao wazee wetu wa mkonge waliuchangia kabla ya sheria ya NSSF ya mwaka 1997. Hadi leo utamsikia mzee wa Ngamiani akisema anafuatilia "akiba" yake, na vijana wamerithi fikra hiyo.

NSSF ya sasa ni aina ya pili. Michango yote inaingia kwenye mfuko mmoja, mfuko unawekeza, na faida ya uwekezaji inabaki mfukoni kwa ajili ya kulipa mafao ya wote. Pensheni yako haikokotolewi kwa kuangalia pesa yako imezaa kiasi gani. Inakokotolewa kwa vitu viwili: umechangia miezi mingapi, na mshahara wako ulioripotiwa ulikuwa kiasi gani. Kwa mujibu wa kanuni zilizoanza kutumika Julai 2022, pensheni ya mwaka hupatikana hivi:

```
miezi ya kuchangia ÷ 580 × wastani wa mshahara wa mwaka
```

Wastani huo ni wa miaka mitatu iliyo bora zaidi kwa mshahara ndani ya miaka kumi ya mwisho kabla ya kustaafu.

Kwa hiyo kukosekana kwa mstari wa faida si wizi. Ukuaji umejificha ndani ya kanuni yenyewe. Tuseme mtu ana michango ya jumla ya milioni 21 kwa miezi 183, na mshahara wake wa mwisho ni 900,000 kwa mwezi, yaani 10,800,000 kwa mwaka. Pensheni yake ni 183 ÷ 580 × 10,800,000, ambayo ni karibu 3,407,586 kwa mwaka, au 283,966 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho ile milioni 21 inamrudia yote ndani ya miezi 74, miaka sita na kidogo, na pensheni inaendelea maadamu yu hai.

Hesabu hiyo ni ya pensheni nzima, kabla hujachukua mkupuo. Sehemu inayogeuzwa kuwa mkupuo iliwekwa kuwa asilimia 33 mwaka 2022, na bajeti ya 2024/25 ikatangaza kuipandisha, kwa hiyo uliza kiwango cha sasa siku unapojaza fomu. Kwa kazi ya kukagua taarifa, pensheni nzima inatosha.

Kumbe jumla ya michango haina maana?

Ina maana, ila si bei ya pensheni yako. Nimewahi kuona watu wawili wa idara moja wakishindana jumla kama wanaolinganisha salio la benki, wakati aliyekuwa na jumla ndogo ndiye angepata pensheni kubwa, kwa sababu mshahara wake wa miaka ya mwisho ulikuwa umepanda. Jumla inakuwa muhimu kwa asiyefikisha masharti ya pensheni, na inasaidia kulinganisha na kumbukumbu zako. Zaidi ya hapo, macho yawe kwenye miezi na kwenye kiasi cha kila mwezi.

Nitajuaje kama kiasi cha kila mwezi ni sahihi?

Chukua kiasi kilichoandikwa kwenye mwezi mmoja, kigawe kwa 0.20. Jibu utakalopata ndilo mshahara ambao mwajiri ameuambia mfuko kwamba unalipwa.

Kwa NSSF mchango wa jumla ni asilimia 20 ya mshahara ghafi, yaani kabla ya kodi na makato mengine. Utaratibu uliozoeleka ni asilimia 10 yako na 10 ya mwajiri. Mwajiri anaweza kukubali kubeba zaidi ya hapo, lakini wewe hukatwi zaidi ya asilimia 10. Taarifa kwa kawaida inaonyesha zote mbili zikiwa zimejumlishwa, slipu yako ya mshahara inaonyesha ile yako tu. Ndiyo maana mtu anayesoma karatasi moja bila nyingine hagundui kitu.

Tuchukue mfano na tuufuate hadi mwisho. Huyu ni karani wa stoo kwenye kampuni moja hapa mjini, ana miaka 54, anataka kustaafu kwa hiari akitimiza 55. Alianza kazi Januari 2010, na taarifa yake imechapishwa mwishoni mwa Mei 2025, hivyo mwezi wa mwisho unaotarajiwa kuonekana bila ubishi ni wa Machi 2025. Tangu 2021 mshahara wake ghafi ni 900,000.

Slipu yake ya Machi inasema amekatwa 90,000 ya NSSF. Ni sawa, ni asilimia 10. Mfuko ulitakiwa kupokea mara mbili yake, 180,000. Lakini kwenye taarifa mstari wa Machi unasomeka 120,000. Gawa kwa 0.20: inatoka 600,000. Mwajiri amemripoti kama mtu wa laki sita.

Sasa angalia vizuri kilichotokea. Katika ile 120,000, 90,000 zimetoka mfukoni mwa karani. Mwajiri ameongeza 30,000 tu badala ya 90,000. Ukiuliza ofisini utaambiwa kwamba laki sita ndiyo mshahara wa msingi, na laki tatu ni posho ya nyumba na usafiri. Lakini mbona makato yake yeye yamepigwa kwenye laki tisa? Karani akiuliza hivyo, mhasibu atatafuta miwani.

Hiyo tofauti ya 60,000 kwa mwezi inaniumiza kiasi gani mbeleni?

Kwa karani wetu, ikiwa miezi yake 183 imekamilika, wastani wa mshahara wa mwaka ungekuwa 10,800,000 na pensheni 283,966 kwa mwezi kama tulivyoona. Kwa mshahara ulioripotiwa wa 600,000, wastani ni 7,200,000. Ukizidisha kwa 183 na kugawa kwa 580 unapata 2,271,724 kwa mwaka, sawa na 189,310 kwa mwezi. Anapoteza karibu 95,000 kila mwezi kwa maisha yake yote ya ustaafu.

Na kwa kuwa kanuni inaangalia miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho, mwajiri akirekebisha na kulipia tofauti ya miaka mitatu ya karibuni, sehemu kubwa ya hasara hii inaondoka. Hapo ndipo pa kuanzia kudai, ukiwa na muda mchache. Makosa ya mshahara ya mwaka 2011 yanauma moyo lakini hayaingii kwenye wastani.

Miezi iliyoruka nayo? Mwezi mmoja mmoja si kitu, au siyo?

Inategemea uko wapi kwenye safari. Kwa karani huyu kila mwezi uliokosekana unapunguza 10,800,000 ÷ 580, yaani 18,621 kwa mwaka, kama 1,552 kwa mwezi. Mtu anaweza kusema ni pesa ya mandazi.

Lakini kuna mstari wa miezi 180. Ukistaafu ukiwa chini ya hapo hupati pensheni ya kila mwezi, unalipwa mkupuo mara moja na kwaheri. Karani amefanya kazi miezi 183, kwa hiyo ana akiba ya miezi mitatu tu juu ya mstari. Taarifa yake inaonyesha miezi 174. Tukipitia mstari kwa mstari tunakuta Septemba hadi Desemba 2015 hakuna kitu, na mwaka 2019 imeruka miezi mitano. Tisa. Kwenye jumla ya pesa pengo hilo halionekani, kwa sababu miaka ya nyuma michango ilikuwa midogo. Kwenye sifa ya kupata pensheni ndilo linaloamua kila kitu.

Kwa hiyo usiridhike na idadi ya miezi iliyojumlishwa na mashine. Ihesabu mwenyewe mwaka kwa mwaka: kila mwaka uliofanya kazi wote uwe na mistari 12. Weka alama ya penseli pembeni ya mwaka wenye pungufu. Angalia pia mwezi uliolipwa mara mbili, kwa sababu mara nyingine mchango wa Oktoba unaingizwa tena kwenye Septemba, na mwezi mmoja unaonekana mnono huku jirani yake hayupo.

Wanaofanya kazi za msimu mashambani wana pengo halali: mwezi ambao hukulipwa mshahara hauna mchango. Hao walinganishe na miezi waliyolipwa, wasihesabu kalenda.

Nimekuta pengo. Nifanye nini, na nianze kwa nani?

Kwanza jua pengo lako ni la aina gani, maana yako mawili na hayatibiwi kwa namna moja.

La kwanza: mwajiri alilipa, lakini pesa haikukaa kwako. Namba ya uanachama ilikosewa tarakimu moja, au una namba mbili kwa sababu kazi ya kwanza walikuandikisha na ya pili wakakuandikisha upya. Dalili yake ni kwamba wenzako wa kampuni hiyohiyo wana miezi ile kwenye taarifa zao, wewe peke yako huna. Mwombe mwajiri orodha ya michango ya mwezi huo yenye jina lako, pamoja na namba ya kumbukumbu ya malipo. Ukiwa na vitu hivyo viwili, ofisa wa NSSF anaweza kuitafuta pesa na kuihamishia kwako.

La pili: mwajiri alikukata, hakupeleka. Dalili yake ni kwamba wafanyakazi wote wa kampuni wana pengo miezi ileile. Ndivyo ilivyokuwa kwa ile miezi minne ya 2015 ya karani wetu, mfano huu tukiendelea nao: yeye na wenzake watatu walipolinganisha, taarifa zote nne zilikuwa tupu. Hapa orodha ya mwajiri haitakusaidia kwa kuwa haipo. Unachohitaji ni slipu za mishahara za miezi hiyo, mkataba wa kazi, na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara uliingia. Peleka malalamiko kwa maandishi kwenye ofisi ya NSSF ya mkoa, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kisheria mfuko ndio wenye mamlaka ya kumdai mwajiri mchango na adhabu, na unaweza kumpeleka mahakamani. Kwenda kwa pamoja kunasaidia zaidi, maana ofisa anayeletewa barua moja yenye majina ishirini anapanga ukaguzi wa mwajiri, wakati barua ya mtu mmoja inakuwa faili la mtu mmoja.

Ile mitano ya 2019 ilikuwa ya aina ya kwanza. Wenzake wote walikuwa nayo.

Kama slipu zimepotea, usikate tamaa mapema. Benki nyingi zinaweza kuchapisha taarifa ya miaka ya nyuma kwa ada kidogo, na ule mstari wa mshahara wenye jina la kampuni ni ushahidi mzuri kwamba ulikuwa kazini.

Jina langu kwenye taarifa limeandikwa tofauti na kitambulisho cha NIDA. Ni tatizo?

Ni tatizo, na kwetu pwani ndilo tatizo la kila siku. Hamisi kaandikwa Khamis, Athumani kawa Othman, Rajabu kapoteza herufi ya mwisho, Mwanahamisi kaandikwa kwa vipande viwili. Wakati unafanya kazi hakuna anayejali. Siku ya kudai mafao majina yanalinganishwa herufi kwa herufi, na kama umeshafariki wanaohangaika ni warithi. Rekebisha sasa ukiwa na NIDA, na ikibidi kiapo cha majina mahakamani. Angalia na tarehe ya kuzaliwa, kwa kuwa miaka 55 na 60 inahesabiwa kutoka hapo.

Mimi ni mtumishi wa umma, niko PSSSF. Hesabu ni zilezile?

Karibu zilezile, kwa tofauti moja inayowachanganya watu. PSSSF, iliyoundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF, nayo inachangiwa jumla ya asilimia 20, lakini mtumishi anakatwa asilimia 5 na mwajiri anatoa 15. Kwa hiyo ukitumia slipu gawa kwa 0.05, na ukitumia jumla ya kwenye taarifa gawa kwa 0.20. Majibu yote mawili yafanane. Taarifa unaipata kwenye simu kupitia programu ya `PSSSF Kiganjani`.

Wenye historia ndefu wachunguze miaka ya kabla ya 2018 kwa makini zaidi, hasa kama ulihama kutoka halmashauri moja kwenda nyingine au ulibadilisha mfuko. Na kama ulichangia mfuko mmoja kisha mwingine, vipindi vyote viwili vinaweza kujumlishwa ili kutimiza miezi inayotakiwa. Chapisha taarifa zote mbili uende nazo.

Na gharama je? Mbona sioni wamenikata kiasi gani kwa uendeshaji?

Kwenye NSSF na PSSSF hakuna mstari wa ada kwa mwanachama, kwa sababu ileile ya faida: gharama za uendeshaji zinatoka kwenye mfuko mzima. Unaweza kuziona kwenye hesabu za mwaka za mfuko zilizokaguliwa, lakini kwenye karatasi yako hazipo na hazipunguzi pensheni yako moja kwa moja. Mtu akikudai "ada ya taarifa" au "ada ya kufuatilia faili" ofisini, hiyo siyo ada ya mfuko.

Ada inakuwa jambo lako binafsi pale ambapo una akaunti ya akiba ya aina ya kwanza, ile ya kila mtu na chungu chake. Baadhi ya kampuni zina mpango wa ziada wa namna hiyo juu ya NSSF.

Basi nina akaunti kama hiyo. Nawezaje kujua imekua kweli?

Taarifa yake ya mwaka ina mistari mitano: salio la kuanzia, michango, faida, ada, salio la mwisho. Tuseme inasomeka hivi:

```
Salio la kuanzia      4,000,000
Michango ya mwaka     1,200,000
Faida                   460,000
Ada                     -69,000
Salio la mwisho       5,591,000
```

Kosa la kwanza ni kuchukua salio la mwisho, kutoa la kuanzia, na kusema pesa imekua kwa asilimia 40. Haikukua hivyo. Katika ongezeko la 1,591,000, milioni moja na laki mbili umeziweka mwenyewe.

Ukuaji halisi ni faida kutoa ada: 460,000 kutoa 69,000, inabaki 391,000. Ugawe kwa kiasi kilichokuwa kazini. Michango iliingia kidogo kidogo, ya Januari ikafanya kazi mwaka mzima na ya Desemba karibu haikufanya kitu, hivyo kwa makadirio chukua salio la kuanzia ujumlishe nusu ya michango: 4,600,000. Ukigawa 391,000 kwa 4,600,000 unapata asilimia 8.5. Kabla ya ada ilikuwa asilimia 10. Mfumuko wa bei nchini mwaka 2024 ulikuwa karibu asilimia 3, kwa hiyo pesa hii iliongeza uwezo wake wa kununua kwa zaidi ya asilimia 5. Si haba.

Ada ya asilimia moja na nusu ni ndogo. Nisumbuke nayo?

Ukiangalia mwaka mmoja ni 69,000, unaiacha ipite. Lakini inakatwa kila mwaka, na inakatwa kwenye salio lote, siyo kwenye faida peke yake. Anayeweka 1,200,000 kila mwisho wa mwaka kwa miaka 20 anakuwa ameweka milioni 24. Kwa ukuaji wa asilimia 10 atafikia karibu milioni 68.7. Kwa asilimia 8.5 atafikia karibu milioni 58. Ada imechukua zaidi ya milioni 10.

Mbaya zaidi kwa wenye akiba ndogo ni ada ya kiwango kimoja kwa wote. Shilingi 2,000 kwa mwezi ni 24,000 kwa mwaka. Kwenye salio la milioni 4 haifiki hata asilimia moja. Kwenye salio la 200,000 ni asilimia 12, na hakuna uwekezaji wa kawaida utakaoifidia kwa uhakika. Akaunti ya namna hiyo inapungua huku taarifa ikionyesha faida kila mwaka. Ukiona hivyo, uliza kama unaweza kuhamisha salio au kuongeza mchango.

Angalia pia kama taarifa haina mstari wa ada kabisa. Hapo mara nyingi ada imeshatolewa kabla faida haijatangazwa, na unachokiona ni kilichobaki. Si kosa, ila uliza ni kiasi gani.

Nilifanya kazi Mombasa kabla ya kurudi Tanga. Ile michango ya NSSF ya Kenya itaonekana hapa?

Hutaikuta. Majina yanafanana, lakini ni mfuko mwingine wa nchi nyingine, wenye namba yake ya uanachama na lango lake la mtandaoni. Taarifa yake inasomwa kama ile ya chungu binafsi, kwa kuwa kuna salio na faida inayotangazwa kila mwaka. Miaka ya kabla ya Februari 2023 usishangae kuona shilingi 400 za Kenya kwa mwezi, 200 zako na 200 za mwajiri. Ndicho kilikuwa kiwango. Kuanzia hapo mchango ni asilimia 6 kwa 6, hadi kikomo cha mshahara kilichowekwa, na umegawanywa kwenye tabaka mbili. Tafuta namba yako ya zamani kwenye slipu au kadi, na uifuatilie Kenya kwenyewe.